Rangi Inayotulia Siku ya Tatu

Ukipita Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri, utawaona wazee wamekaa barazani na vikombe vyao vya kahawa, ndevu zikiwa nyekundu kama shaba iliyosuguliwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani wazee wale wameichagua rangi ile kama mtu anavyochagua kitambaa cha kanzu. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili nilipoelewa kwamba hakuna aliyechagua chochote. Ile ndiyo rangi ambayo hina huipa mvi, na mvi haina la kusema.

Mimi mvi zilinianzia panjani, pande zote mbili, zikapanda polepole hadi kwenye mstari wa katikati ya kichwa. Nilitaka nywele zangu nyeusi zirudi. Nikaenda kwa shangazi, ambaye amepaka hina kichwani tangu kabla sijazaliwa, nikamwambia nataka kuficha mvi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa.

"Hina haifichi, mwanangu. Hina inapaka."

Niliona anacheza na maneno. Sasa najua kwamba alikuwa amenieleza jambo lote, na kwamba ningemsikiliza ningejiokolea wiki mbili za kutembea na mtandio uliokazwa hadi kwenye nyusi.

Rangi ya hina ni nyembamba na inapitisha mwanga. Haiondoi kilichokuwa chini yake, inakaa juu yake. Tia wino mwekundu juu ya karatasi nyeupe, utauona mwekundu. Utie juu ya karatasi nyeusi, hutaona kitu isipokuwa ukiigeuza kwenye jua. Ndivyo ilivyo kichwani. Unywele mweusi hubaki mweusi, ukiwa na wekundu mdogo unaoonekana mchana mkali tu. Unywele mweupe ndio unaobeba rangi yote. Kwa hiyo mtu mwenye mvi chache zilizotawanyika hupata nyuzi za shaba ndani ya weusi, na wapo wanaolipa pesa nyingi saluni ili wapate kitu kama hicho. Lakini mtu mwenye mvi zilizokusanyika mahali pamoja, kama mimi panjani, hupata mabaka mawili mekundu, moja kila upande. Tazama mvi zako zimekaaje kabla hujafungua pakiti.

Kinachopaka ni kitu kimoja ndani ya jani la mhina, kinaitwa lawsoni. Ndani ya jani hakijawa huru. Kimefungamana na sukari, na kinahitaji maji, ujoto na muda ili kiachane nayo. Kikishakuwa huru hushika protini. Nywele ni protini, kucha ni protini, na ngozi ya juu ya kiganja pia, ndiyo maana bibi harusi hutoka na viganja vyekundu. Tangu nilipolielewa hilo, nimeacha ushauri mwingi ninaopewa bure. Watu hutia yai ndani ya hina, au mtindi, wakisema unalainisha nywele. Ila yai na mtindi navyo ni protini. Rangi ikikutana navyo bakulini hushikana navyo hukohuko, na kichwani inafika iliyobaki. Anayetaka mtindi na auweke siku nyingine, peke yake. Kahawa nayo haiifanyi hina kuwa nyeusi. Inaifanya inuke kahawa.

Unga wenyewe ndio penye tofauti kubwa. Ua wetu ulikuwa na mhina, na shangazi anakumbuka majani yakiondolewa mtini, yakianikwa kivulini, yakitwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Siku hizi wengi wetu tunanunua, na unga mwingi mzuri unatoka India, hasa Sojat huko Rajasthan. Unga mzuri ni laini kama unga wa ngano, una rangi ya kijani ya jani kavu na harufu ya majani yaliyokatwa. Ukiwa na rangi ya udongo umekaa dukani muda mrefu au umepigwa na jua, na rangi yake imekufa. Ukiwa na mchanga au vijiti, kichwani hautashika sawasawa na kuusafisha utakuwa mateso. Soma maandishi ya pakiti: yakitaja kitu kingine chochote zaidi ya jani la hina, ile si hina, ni mchanganyiko.

Na hapa sina budi kusema habari ya hina nyeusi. Hakuna jani la hina linalotoa rangi nyeusi, liwe la Sojat, la Yemeni au la Lamu. Unga unaopaka weusi ndani ya nusu saa una rangi ya kiwandani, mara nyingi ile iitwayo parafenilinidiamini, na hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye piko tunayochorea maua mikononi. Jirani yangu alinunua pakiti ya namna hiyo kwenye duka ambalo sitalitaja, akaipaka jioni, akalala vizuri. Kesho yake masikio yalimwasha kwa nyuma. Siku ya pili paji la uso lilikuwa limevimba hadi jicho moja halifunguki, na mstari wa malengelenge umefuata ukingo wa nywele kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Daktari alimwambia kwamba mwili ukishaikataa rangi ile mara moja, huikataa maisha yote, na pengine kwa ukali zaidi. Ndiyo maana pakiti yoyote mpya, hata ninayoiamini, napaka kwanza tone ndani ya kiwiko na kungoja siku mbili.

Jumamosi yangu ya kwanza iliyofanikiwa ilikwenda hivi. Nywele zangu zinafika begani zikivutwa, nami nilitaka kupaka kichwa kizima, kwa hiyo nilitumia gramu 200 za unga. Kwa mashina peke yake gramu 50 au 60 zinanitosha. Saa mbili asubuhi niliutia unga kwenye bakuli la udongo, nikamimina chai ya rangi iliyopoa hadi kuwa vuguvugu, kidogokidogo, huku nikikoroga kwa mwiko, mpaka ikawa nzito kama mtindi mgando: ukiuinua mwiko inaanguka kwa matonge, haitiririki. Ilikunywa chai zaidi ya nusu lita. Chai yenyewe haina miujiza, maji ya kawaida yangefanya kazi. Maji yanayochemka ndiyo mabaya, yanaiua rangi. Nilikamua ndimu nusu tu. Ndimu inaifanya rangi iachie taratibu na idumu vizuri, lakini nyingi inakausha nywele zikawa kama makumbi, na nywele zetu za kipilipili hazihitaji msaada katika kukauka.

Kisha nikafunika bakuli nikalisahau. Muda wa kungoja hauwezi kusomwa kwenye pakiti, kwa sababu aliyeandika pakiti hajui unaishi wapi. Mombasa wakati wa kaskazi, joto likiwa nyuzi 32, hina yangu huwa tayari baada ya saa nne hivi. Dada yangu aliye Nairobi huikoroga usiku na kuikuta tayari asubuhi. Dalili ziko mbili. Juu ya bakuli panageuka rangi ya hudhurungi ilhali chini bado ni kijani, kwa kuwa rangi iliyoachia imekutana na hewa. Na ukiweka tone kiganjani kwa dakika tano halafu ukalifuta, linaacha doa la rangi ya chungwa. Doa likiwa hafifu, funika tena. Ukiiacha siku nzima kwenye joto letu inaanza kufa, na doa linafifia badala ya kukolea.

Wakati inangoja, niliosha nywele kwa shampuu peke yake, bila mafuta, bila kondishena. Mara ya kwanza nilikuwa nimezipaka mafuta ya nazi usiku wake, nikiamini nazilinda. Nilizilinda kweli, hata hina haikuingia. Nilijipaka vaselini kwenye paji, masikioni na shingoni, nikavaa glavu na leso kuukuu, nikatandaza magazeti chooni, maana kigae cheupe kikishaonja hina hakisahau.

Saa sita na nusu nilianza kupaka. Nilianzia panjani. Mvi zina ubishi: nyingi ni nene na ganda lake limebana, haziingizi rangi upesi kama unywele mwingine, basi ni haki zikae na hina muda mrefu zaidi. Niligawa nywele mafungu mafungu, kila fungu likipewa hina ya kutosha kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate bila kuuonea choyo, kisha nikalisokota na kulibandika juu. Nilipomaliza kisogo nilirudi panjani nikaongeza tena juu ya ile ya kwanza. Hina ikikauka kichwani inaacha kufanya kazi, kwa hiyo lazima kichwa kifunikwe kisipate hewa. Zamani tulikuwa tunavaa mfuko wa sokoni. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ile mwaka 2017 mimi natumia kofia ya kuogea, na juu yake leso, kutunza joto.

Nilikaa nayo saa tatu. Ni nzito, ni baridi kwa nusu saa ya kwanza, na baadaye inaanza kutiririka nyuma ya shingo ikiwa uliikoroga nyepesi. Wengine huumwa kichwa. Nimewahi kutoa baada ya saa moja kwa uvivu, na mvi zikatoka za manjano kama nyuzi za mkonge. Nimewahi kulala nayo pia, na sikuona tofauti ya maana na ile ya saa tatu au nne, isipokuwa mto ulioharibika.

Kuitoa ni kazi yenye namna yake. Usisimame chini ya bomba ukitegemea maji yatabeba. Jaza ndoo, inamisha kichwa ndani, zikoroge nywele majini mpaka tope liachie, mwaga, rudia mara tatu. Baada ya hapo tia kondishena kwa wingi, ndiyo itakayovuta chembe zilizobaki. Shampuu usiiguse kwa siku mbili au tatu.

Nikajitazama kwenye kioo. Panja zangu zilikuwa za machungwa, nasema machungwa yenyewe, yale ya maganda yaliyomenywa na muuza mkokoteni. Mwanangu wa kiume alipita mlangoni, akarudi hatua mbili nyuma, akaniuliza kama najiandaa kuwa refa wa mpira, sijui alifikiria nini. Shangazi alinisikiliza kwenye simu nikilalamika, kisha akasema nisitoke Jumapili wala nisiguse kitu.

"Siku ya tatu ndiyo utaniambia."

Hina inapotolewa bado haijamaliza. Hewa inaendelea kuifanyia kazi, na rangi inashuka kila siku ngazi moja. Jumapili ilikuwa shaba mpya. Jumatatu jioni nilipojitazama karibu na dirisha, panja zilikuwa zimefikia wekundu ule wa udongo wa Voi mvua inapokaribia, na hapo zikatulia. Wanaoharibikiwa wengi huharibikiwa katika siku zile mbili: wanaogopa, wanakimbilia rangi ya dukani kuifunika, na juu ya hina isiyo safi rangi hiyo inaweza kuleta majanga.

Basi nilikuwa na mvi nyekundu. Zilipendeza, nakubali, lakini nilikuwa nimetaka nyeusi, na mabaka mawili mekundu kwenye kichwa cheusi yalikuwa yanawaita watu kutoka mbali. Dawa yake ya majani ipo, ni nili, unga wa mnili, ule mmea uliokuwa ukitia nguo buluu. Nili ikipakwa juu ya mvi tupu inaacha rangi ya kibuluu au kijani inayokimbia kwa wiki chache. Ikipakwa juu ya mvi iliyokwisha kuwa nyekundu kwa hina, buluu na wekundu vinakutana na unywele unakuwa hudhurungi iliyokolea au mweusi. Hatua mbili, na ya kwanza hairukwi.

Tabia za nili ni kinyume cha hina karibu katika kila jambo. Hina inataka saa nne kabla ya kupakwa, nili inataka dakika kumi na tano tu, na baada ya nusu saa au zaidi kidogo nguvu inaanza kutoka. Hina inapenda ndimu, nili inaichukia. Niliikoroga na maji vuguvugu na kijiko kidogo cha chumvi, ambayo watu wengi wenye mvi wanaona inasaidia kushika, nikaipaka haraka kwenye nywele zenye unyevu zilizokwisha kutolewa hina, gramu 100 kwa sehemu ya mbele peke yake. Inanuka kama mbaazi zilizosahauliwa jikoni. Nilikaa nayo saa moja na nusu. Ilipotoka, panja zilikuwa na kivuli cha kijani kilichonitisha kuliko lile chungwa, lakini kesho yake zilikuwa zimeingia kwenye weusi wa kahawa. Ukitaka hudhurungi ya wastani, badala ya hatua mbili, hina iliyokwisha kuwa tayari huchanganywa na nili mbichi iliyokorogwa wakati uleule, sawa kwa sawa, na kupakwa pamoja saa mbili au tatu. Kwa mvi chache inatosha. Kwa mvi kaidi kama zangu ilishika huku ikaacha kule.

Juu ya weusi huo, kuna wasomi wa dini wanaoukataza. Katika hadithi mashuhuri, Abu Quhafa, baba yake Abubakar, aliletwa mbele ya Mtume siku ya kufunguliwa Makka akiwa na kichwa na ndevu nyeupe pe, na ikaamriwa zibadilishwe, ila weusi uepukwe. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya uzito wa katazo hilo, nami si mahali pangu kuwaamua. Najua tu kwamba wale wazee wa barazani na shaba zao hawana swali la kujibu.

Kilichoniamulia mimi si fatwa, ni matunzo. Hina ni ya kudumu. Ikishashika inabaki mpaka unywele ukatwe. Nili haiko hivyo. Baada ya majuma manne au matano ya kuoshwa, weusi wa panjani huanza kuondoka na wekundu wa chini unachungulia, kwanza kwenye zile mvi nene. Hapohapo unywele unakua kama sentimita moja kwa mwezi, na shina linatoka jeupe. Kwa hiyo aliyepaka weusi anabeba rangi tatu kwa wakati mmoja: nyeupe shinani, nyekundu katikati, nyeusi mwishoni. Na mstari mweupe chini ya weusi unaonekana vikali sana, mithili ya ukingo wa leso. Chini ya wekundu mstari huohuo hauonekani upesi, nyeupe na shaba zinaingiana. Nilipokuwa mtu wa nili nilikuwa nikipaka kila baada ya wiki tatu na kuhesabu siku. Kwa hina peke yake ninafika wiki sita, na katikati hapo mtandio unafanya yaliyobaki.

Kosa la matunzo nililolifanya mwaka mzima ni kupaka kichwa kizima kila mara. Kila safu ya hina inaongezeka juu ya nyingine, na ncha zangu zilifika rangi ya zambarau iliyoiva, wakati mashina yalikuwa ya shaba. Siku hizi napaka mashina tu, na urefu naupa hina mara mbili kwa mwaka. Nywele zikiwa ngumu kwa siku chache baada ya kupaka, mafuta ya nazi yanazilainisha, ila baada ya zile siku tatu. Na anayefikiria kuja kuzichubua nywele ziwe za dhahabu ajue kabisa: hina haichubuki kwa urahisi, na nili ikichubuliwa inaweza kubaki kijani.

Jambo jingine dogo, kwa kuwa hina tunaiona ni ya nyumbani na haina madhara. Kuna watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo upo katika pwani yetu. Kwao hina inaweza kuvunja chembechembe nyekundu za damu, na hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wachanga. Mambo ya kumpaka mtoto mchanga miguuni kwa ajili ya sherehe tumeyaacha nyumbani kwetu.

Nili sasa naipaka nikiwa na harusi, siku mbili kabla, basi. Siku nyingine panja zangu ni nyekundu na nimezizoea, hata najikuta nikivuta mtandio nyuma kidogo. Hina inayobaki naigandisha kwenye friza katika vikopo vidogo, kwa kuwa ikishaachia rangi inakaa miezi bila kuharibika. Nili haiwezekani, hubaki unga mpaka dakika ile. Juzi mwanangu alikuja mapumzikoni, akatoa kikopo kimoja usiku, akakiweka kwenye sufuria na kutia tui. Alidhani ni kisamvu.